Dondoo muhimu: Jedwali la kampeni, pendekezo moja

Mkurugenzi hasomi jedwali zima. Anataka kujua fedha ziende wapi. Ndiyo maana mwandishi mzoefu wa muhtasari huanza na hesabu ambayo mara nyingi haimo kwenye jedwali: gharama kwa kila mnunuzi, yaani matumizi kugawanywa kwa idadi ya walionunua.

Tuseme ni duka la viatu. Wiki hii Facebook imekula shilingi 600,000 na kuleta wanunuzi 40, sawa na 15,000 kwa kila mmoja. Ujumbe mfupi wa simu umetumia 300,000 ukaleta 60: 5,000 tu. Mibofyo ya Facebook ni mingi na inapendeza macho, lakini hailipi kodi ya duka.

Kabla ya kuandika, zitazamwe wiki tatu zilizopita. Ikiwa hii ilikuwa wiki ya mishahara, tofauti huenda ni ya kupita.

Tofauti ikidumu, muhtasari uanze hivi: "Tuhamishe shilingi 200,000 kutoka Facebook kwenda ujumbe mfupi kwa wiki mbili; gharama ya ujumbe mfupi kwa kila mnunuzi ikivuka 8,000, tuzirudishe." Kikomo hicho ni cha lazima, kwa sababu orodha ya namba za wateja ina mwisho, hivyo gharama inaweza kupanda. Sababu zifuate kwa sentensi mbili. Jedwali liende kwenye kiambatisho.