Homa Inaposhuka

Homa ya dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo, ilienea sana Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Walio wengi hupona. Ila iko siku moja inayodanganya watu.

Tuseme mama ameanza homa kali Jumatatu, kichwa na viungo vyamwuma. Ijumaa mwili umepoa, na nyumbani wanashukuru. Kumbe hapo ndipo pa kuangalia. Kati ya siku ya 3 na ya 7, homa ikishuka, mishipa midogo yaweza kuvujisha maji ya damu. Akishikwa na maumivu makali ya tumbo, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye ufizi, akilegea au kuhangaika, au mikono yake ikiwa baridi, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

Sasa dawa. Katika ugonjwa huu chembe za damu zinazoziba majeraha hupungua. Aspirini huzilemaza hata zile zilizobaki, na chembe iliyolemazwa haiponi. Mwili hungoja mpya, yapata siku 7 hadi 10. Tena dawa hiyo huchubua tumbo, damu ikapata mlango. Ibuprofeni na diklofenaki (ile sindano ya maumivu tunayoipenda mno!) nazo zina hatari ya namna hiyo. Mtu mzima ameze parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2, mara 3 kwa siku, asizidishe. Homa ikisalia, apanguswe kwa kitambaa cha maji, na anywe uji na madafu mara kwa mara.