Buletini zilizoungua Buhene

Swali: Mwalimu, niliacha masomo nikiwa mwaka wa tatu wa humanite, baada ya lava ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 kuchoma nyumba yetu Buhene. Buletini zote ziliungua. Shule ya jioni itanipokea?

Jibu: Mwanangu, buletini zimeungua, lakini matokeo yako bado yanaweza kupatikana. Shule huandika pointi za kila mwaka katika palmare. Nenda kwa prefe wa shule yako ya zamani ukiwa na majina yako kamili na miaka uliyosoma, uombe karatasi mpya yenye sahihi na muhuri. Omba ya mwaka wa kwanza na wa pili, maana hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba unaweza kuanza tena mwaka wa tatu.

Kabla ya kulipa chochote, uliza shule ya jioni kama imekubaliwa na serikali, na ni nani atakayepeleka jina lako kwenye Eksetat. Wakijibu kwamba watatafuta shule nyingine baadaye, ondoka hapo.

Katika kujiandaa, anza na Kifaransa. Disertasio ya Eksetat huja mapema, kabla ya siku za mtihani wa kawaida, nawe ulikuwa unapenda kuandika. Leta daftari lako Jumamosi, nitasahihisha.