Dawa ya minyoo: kwa nini moja inasamehe ukizidisha na nyingine haisamehi?

Wafugaji wa mbuzi na kondoo huniuliza sana swali hili: "Mtaalamu, mwaka jana nilizidisha dawa na mbuzi hawakupata shida. Mbona safari hii wametetemeka na mmoja kafa?" Mara nyingi jibu ni kwamba dawa zilikuwa mbili tofauti. Kila dawa ina kipimo cha kawaida na kipimo kinachodhuru, na nafasi kati ya hivyo viwili hailingani. Leo tuziangalie mbili zinazopatikana karibu kila duka la mifugo: albendazoli na levamisoli.

Tuanze na hesabu

Tuchukue levamisoli ya kunywesha ya asilimia 1.5. Kila mililita ina miligramu 15, na kipimo ni miligramu 7.5 kwa kila kilo ya mnyama. Mbuzi wa kilo 40 anapata mililita 20. Albendazoli ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 kwa mililita, na kwa kipimo cha miligramu 5 kwa kilo, mbuzi huyo huyo anapata mililita 8.

Sasa mfugaji ameweka sirinji kwenye kipimo cha mbuzi mkubwa, akanywesha zizi zima bila kubadilisha. Akafika kwa mtoto wa mbuzi wa kilo 8. Kwa dawa yoyote kati ya hizo mbili, huyo mdogo amepata mara tano ya kipimo chake. Kama ni albendazoli, kwa kawaida atapona bila shida. Kama ni levamisoli, amepata miligramu 37.5 kwa kilo, na hapo yuko kwenye hatari ya kufa.

Kosa ni moja, kwa nini matokeo ni mawili?

Sababu ya kwanza ni pale dawa inapompigia mnyoo. Levamisoli inakaza misuli ya mnyoo kupitia sehemu zinazopokea amri ya neva, anakakamaa na kutolewa nje. Shida ni kwamba mbuzi naye ana sehemu za namna hiyo kwenye neva na misuli yake. Kipimo kidogo kinamkamata mnyoo kwanza, kikizidi kinamkamata na mbuzi. Albendazoli inashika protini inayojenga vijirija ndani ya chembe hai za mnyoo, anashindwa kutumia chakula na kufa polepole. Mbuzi ana protini hiyo pia, ila dawa haiishiki kwa nguvu kama ile ya mnyoo.

Sababu ya pili ni kuyeyuka. Levamisoli inayeyuka vizuri kwenye maji, kwa hiyo inaingia kwenye damu haraka na kwa wingi. Albendazoli haiyeyuki kirahisi, ndiyo maana inatuama chini ya chupa na lazima utikise. Sehemu yake inabaki tumboni na kutoka na kinyesi.

Dalili za levamisoli iliyozidi

Huonekana mapema, mara nyingi ndani ya saa moja: mate na povu mdomoni, kulamba midomo, kutikisa kichwa, kutetemeka, kukojoa na kuharisha mara kwa mara, kuyumba. Akizidiwa anapumua kwa shida, na kinachomuua ni kushindwa kupumua. Hakuna dawa maalumu ya kuifuta. Mweke kivulini, usimnyweshe kitu chochote kwa sababu anaweza kupaliwa, na mwite daktari wa mifugo haraka.

Albendazoli nayo ina mipaka

Usalama wake unabana sana kwa mbuzi mwenye mimba changa. Chembe za kichanga zinagawanyika kwa kasi na zinahitaji vile vijirija, kwa hiyo dawa inaweza kuua mimba au kuleta kilema. Usiitumie mwezi wa kwanza wa mimba. Pia angalia asilimia kwenye lebo: ipo ya 2.5 na ipo ya 10, na mililita 8 za ile ya 10 ni mara nne ya dawa uliyoizoea.

Ufanyeje zizini

Ushauri wa kumpima mnyama mzito kuliko wote na kuwapa wengine kipimo chake unafaa kwa albendazoli kama wanakaribiana uzito na hawana mimba changa. Kwa levamisoli, gawa makundi: watoto, wa kati, wakubwa, na upime kwa mzani wa kuning'iniza. Usikisie kwa macho. Usiichanganye na siku za kuogesha kwa dawa za kupe za jamii ya oganofosfeti, maana nazo zinagusa neva hizo hizo, kwa hiyo ile nafasi ndogo inazidi kupungua.

Na usipunguze kipimo kwa woga. Dawa pungufu inabakiza minyoo sugu, na msimu ujao haitafanya kazi.