Kipengele cha Kuongeza Kodi Katikati ya Mkataba

Bismillahi Rahmani Rahim. Dada mmoja wa jumuiya yetu hapa Mbale alipanga nyumba ndogo kwa miezi 12, kodi shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwezi wa tano alipata barua kwamba kuanzia mwezi wa sita atalipa 400,000. Alipolalamika, mwenye nyumba, ambaye ni Mwislamu mwenzetu, alimwonyesha kipengele alichokitia saini: "Mwenye nyumba anaweza kuongeza kodi wakati wowote kwa taarifa ya mwezi mmoja." Kisha akamkumbusha kwamba Waislamu hufungwa na masharti yao.

Hadithi hiyo ipo kweli, lakini ina sehemu ya pili: isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kwa hiyo saini peke yake haimalizi swali. Inabidi tulitazame sharti lenyewe.

Kupangisha nyumba ni ijara, yaani kuuza manufaa ya kitu kwa muda maalumu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, ni lazima ujira ujulikane. Imam Nawawi katika Minhaj anatoa mfano ulio karibu sana na wetu: haisihi kupangisha nyumba kwa malipo ya kuifanyia matengenezo, kwa sababu hakuna ajuaye matengenezo yatagharimu kiasi gani. Sasa jiulize, dada yetu alinunua miezi 12 kwa shilingi ngapi? Ukizidisha unapata 3,600,000, lakini kipengele kile kinasema huenda ikawa milioni nne, au tano, au yoyote atakayotaka upande mmoja. Hiyo ndiyo gharari.

Tuelewane hapa: kosa haliko katika kodi kupanda. Wangeandika kwamba miezi sita ya kwanza ni 300,000 na sita ya mwisho ni 330,000, hakuna mwanachuoni angekuwa na tatizo. Wanazuoni wa kisasa wa AAOIFI, wanaotunga viwango vya fedha za Kiislamu, wameruhusu hata kodi inayobadilika, mradi kipindi cha kwanza kiwe na kiasi maalumu, na vinavyofuata vifuate kipimo kilicho wazi chenye kiwango cha juu na cha chini. Kilichokosekana katika karatasi ya dada yetu ni kiasi, tarehe na kikomo.

Mwenye nyumba alikuwa na hoja nyingine, kwamba kodi za mtaani zimepanda. Hii pia ina jibu. Ijara sahihi humfunga kila upande hadi muda uishe. Nawawi anasema hata msimamizi wa wakfu akipangisha mali, kisha kodi ikapanda au akatokea mtu wa kulipa zaidi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi mkataba haubatiliki. Ikiwa hata mali ya wakfu haitolewi udhuru huo, mali ya mtu binafsi je?

Wapangaji wengi wangefurahi na kuishia hapo, na ndipo wanapokosea. Kipengele kinachofanya ujira usijulikane hakidondoki peke yake, bali huuharibu mkataba mzima. Ijara ikiwa fasidi, aliyekwisha kukaa hulipa ujira wa mfano, yaani kodi ya kawaida ya nyumba kama ile mahali pale, si ile iliyoandikwa. Tuliuliza majirani, nyumba za namna ile zilikuwa 320,000. Kwa miezi mitano ni 1,600,000, naye alikuwa amelipa 1,500,000. Kwa hesabu hiyo angedaiwa 100,000! Tena angepoteza ulinzi wa miezi saba iliyobaki, kwa kuwa mkataba fasidi haumzuii mwenye nyumba kumwambia ahame.

Kwa hiyo nilimshauri asiende na neno "batili" mdomoni, bali aombe suluhu. Sheria ya nchi ilimsaidia pia: Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 hapa Uganda inazuia kodi kuongezwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, yaani isizidi 330,000 kwake. Kutoka 300,000 hadi 400,000 ni zaidi ya asilimia 33.

Walikaa pamoja na mzee mmoja wa msikitini. Walisameheana miezi iliyopita, wakaichana karatasi ya zamani na kuandika mpya ya miezi saba: miwili kwa 300,000, mitano kwa 330,000, jumla 2,250,000. Kile kipengele hakikurudi. Mahali pake waliandika kwamba ongezeko lolote litajadiliwa mkataba ukiisha, kwa ridhaa ya wote wawili.

Wallahu aalam.