Araukaria ya roshani, kutoka Krismasi hadi masika

Anayeishi ghorofani Dar es Salaam na kutaka mti wa Krismasi ulio hai atafute araukaria, ule mti ambao matawi yake hupanda kwa ngazi kuzunguka shina lililonyooka. Msaipresi wa Nairobi na Arusha ni mti wa nyanda za juu, na joto la pwani huuchosha. Araukaria umetoka kisiwa cha Norfolk katika Bahari ya Pasifiki, kwa hiyo upepo wa chumvi si mgeni kwake.

Kwenye bustani ya miche, inama utazame shina linapotokea udongoni. Mara nyingi chungu kimoja hupandwa miche mitatu au minne ili mti uonekane umejaa. Miche hiyo itagombania maji na nafasi, na kuitenganisha ni kuikata mizizi, jambo ambalo araukaria hauvumilii. Chagua wenye shina moja. Usipoupata, bakiza mche ulionyooka zaidi na ukate mingine usawa wa udongo.

Tuseme umenunua mti wa mita moja, kwenye chungu cha lita 20 chenye matundu chini, na roshani yako iko ghorofa ya tatu, inaelekea kusini. Udongo ukilowa, chungu hicho kinaweza kuzidi kilo 30, kwa hiyo amua mahali pake kabla ya kumwagilia. Sakafuni ndiko kwake, kamwe si juu ya ukingo, na shina ulifunge kwenye nondo za roshani kwa kamba laini, maana upepo wa ghorofani huangusha mti mwembamba kwa urahisi.

Jua nalo lina hila yake. Mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini na roshani hiyo ina kivuli. Desemba jua huhamia kusini na kuipiga moja kwa moja. Mti uliolelewa chini ya neti ya kivuli ukiwekwa hapo ghafla, upande unaotazama jua hupauka kisha huwa kahawia. Ununue basi mwishoni mwa Novemba, uanze kuuweka nyuma karibu na ukuta, kisha usogeze mbele kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Kumwagilia hakuhitaji ratiba. Ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Sahani ya chungu uimwage kila mara, kwani mbu wa dengi huzaliana kwenye maji kama hayo. Matawi ya chini yakianza kukauka kutoka nchani na udongo ni mkavu, mti una kiu. Yakigeuka manjano na udongo umelowa, mizizi inaoza. Wahi, kwa sababu tawi la chini likishakufa halichipui tena na pengo hubaki hapo hapo.

Mapambo yawe mepesi, taa ziwe za LED zilizotengenezwa kukaa nje, na waya usikaze tawi. Ile theluji ya kupuliza iache dukani. Inaziba majani, na theluji ya Kariakoo haimdanganyi mtu.

Sikukuu zikiisha, wengi hufanya kosa moja: wanaupeleka mti kiwanjani Januari na kuupanda. Hicho ni kipindi cha kaskazi, jua kali na mvua haba, na mizizi iliyozoea kunyweshwa hujikuta kwenye mchanga mkavu. Toa mapambo, endelea kuulea roshanini, na usubiri hadi masika yaanze vizuri, kwa kawaida mwishoni mwa Machi au Aprili.

Mahali pa kupanda pasiwe chini ya nyaya za umeme wala karibu na nyumba au shimo la maji taka. Mti huu ukistawi hupita mita 30, kwa hiyo uwe angalau mita 10 kutoka ukutani. Chimba shimo pana mara mbili ya chungu, kina kisizidi kimo cha bonge la udongo. Lowesha chungu siku moja kabla, toa mti bila kukung'uta mizizi, ila ile iliyojizungusha pembeni uilegeze kwa vidole. Shina lisizikwe zaidi ya lilivyokuwa chunguni. Mvua zikikatika, upe ndoo ya lita 10 mara mbili kwa wiki hadi vuli.

Asiye na kiwanja anaweza kuubakiza chunguni miaka kadhaa, akiuhamishia chungu kikubwa kidogo kila baada ya miaka miwili. Ukifika darini usikate kilele, kwani hautarudisha umbo lake. Umpe mwenye eneo kabla haujafika huko.