Mfuko wa shilingi 800 ulivyonigharimu 1,371: jinsi ya kupima zawadi yenye logo kabla hujalipia

Msimu wa zawadi za wateja unakaribia na najua kuna watu wameshaanza kuulizia bei za kalamu, vikombe na mifuko yenye jina la biashara. Kabla hujatuma hela ya utangulizi, soma kwanza yaliyonikuta mimi.

Nauza madera na mitandio kwa simu, niko Dar, mzigo unatoka na boda au unapanda basi kwenda mkoani. Mwaka wa kwanza niliamua kila mteja apewe mfuko wenye jina langu. Nikachagua hii mifuko mbadala tuliyoizoea tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019. Fundi akanipa bei ya shilingi 800 kwa mfuko ukichukua 200. Nikapiga hesabu harakaharaka, 160,000, nikaona hii mbona ndogo.

Haikuwa 160,000. Wanaochapa kwa skrini wanatengeneza skrini moja kwa kila rangi, na unailipia kando. Logo yangu ilikuwa na rangi mbili, skrini moja 30,000, kwa hiyo 60,000. Wa kunisafishia logo ili ichapike vizuri alichukua 20,000. Usafiri wa kwenda kuangalia na kuchukua mzigo, 15,000. Jumla 255,000. Halafu nilipofungua nyumbani nikakuta 14 zina kasoro, nyingine rangi imehama, nyingine mshono umeachia. Zilizofaa kumpa mtu zilikuwa 186. Sasa gawa: 255,000 kwa 186 ni shilingi 1,371 kila mmoja. Hiyo ndiyo bei ya mfuko. Ile 800 ilikuwa bei ya fundi.

Angalia hapo jambo moja: gharama ya skrini na logo haibadiliki ukichukua 50 au 500. Kwa oda yangu ya 200, ile 80,000 ililalia kila mfuko kwa shilingi 400. Ningechukua 50 ingelalia kwa 1,600, yaani mara mbili ya bei ya mfuko wenyewe. Ndiyo maana kwa oda ndogo rangi moja inakuokoa kuliko kubembeleza fundi apunguze shilingi 50.

Lakini hela haikuniuma kama kilichofuata. Mteja wangu wa siku nyingi aliniandikia, "Dada, mzigo nimepokea, mzuri. Mfuko umekatika mkono sokoni, nyanya zote chini." Mfuko wenye jina langu na namba yangu ya simu, umemwaga nyanya za mtu mbele za watu. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kupima.

Kitambaa cha mifuko mbadala kinapimwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba, wenyewe wanaandika GSM. Kiwango kinachotakiwa kwa mifuko hii hapa Tanzania ni 70. Muuzaji atakwambia ni 70, na kwa macho huwezi kumbishia. Dawa yake ni hii. Omba mfuko mmoja wa mfano, ulipie kama ni lazima, kisha ukate. Kata vipande kumi, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, usichukue sehemu yenye mshono wala chapa. Vipande kumi hivyo vikiwekwa pamoja ni sehemu ya kumi ya mita ya mraba, kwa hiyo kitambaa cha 70 kitasoma gramu 7. Mzani mdogo wa kupimia viungo jikoni unatosha, ila ule unaosoma gramu moja moja unaweza kukosea kwa gramu nzima, kwa hiyo ukipata wa sonara ni bora zaidi. Mimi nilipokata ile iliyobaki ilisoma gramu 5. Nilikuwa nimelipia kitambaa cha 50 kwa bei ya 70.

Kipimo cha pili hakihitaji hata mzani. Weka ndani chupa za maji za jumla ya lita 4, tundika mfuko kwenye msumari ulale usiku kucha. Asubuhi angalia pale mkono unapokutana na mdomo wa mfuko. Ukiona matundu ya sindano yamefunguka, mfuko huo hautafika mwezi. Mkono mzuri umeshonwa kwa mraba wenye msalaba katikati. Ulioshonwa mstari mmoja wa kupita tu, au uliobanwa kwa joto bila uzi, mimi siuchukui tena kwa kitu cha kubebea uzito.

Tatu ni chapa. Acha mfano wako ukae siku nzima, kisha chukua kitambaa cheupe, kiloweshe maji ya sabuni, sugua logo mara ishirini. Kitambaa kikipata rangi, rudisha. Halafu vuta kitambaa taratibu kwa mikono miwili juu ya logo. Chapa ikipasuka kama udongo mkavu, basi wino haukuivishwa. Kuna wino wa kuchapia nguo unaoitwa plastisoli, ambao haukauki kwa jua hata ukianikwa wiki. Unataka joto la nyuzi kama 160 ndipo ushike. Mafundi wengine wakibanwa na oda wanapitisha haraka, juu panaonekana pakavu lakini chini bado. Muulize fundi wako anaivisha kwa nini. Akikuonyesha mashine yake ya joto, sawa. Akikwambia "jua linatosha", muulize anatumia wino gani kabla hamjaendelea.

Sasa tuje kwenye swali ambalo mimi sikujiuliza kabisa mwaka ule: je, mteja anautaka? Sisi tunapenda logo zetu mpaka tunasahau kwamba mwenzetu hana sababu ya kuzipenda. Mfuko wangu ulikuwa na jina kubwa katikati, chini yake namba ya simu, chini tena jina la ukurasa na maneno "Karibu sana, mteja ni mfalme". Mteja mmoja akanichana kistaarabu: "Yaani niende nao kazini nikiwa kama bango?" Hakukosea.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nilifanya jaribio dogo kabla ya kuagiza. Nilichukua wateja kumi wanaonunua mara kwa mara, nikawatumia picha ya mfuko uleule wa kwanza na maneno haya: "Oda yako inayofuata chagua, mfuko huu au punguzo la 1,500 kwenye usafiri." Nane walichukua punguzo. Ina maana kitu nilichokigharamia 1,371, wenyewe hawakukiona kina thamani hata ya 1,500. Kumi si wengi, lakini kwa uamuzi wa laki tatu walinitosha. Cha msingi hapo uwape chaguo la kweli lenye hela ndani. Ukiuliza tu "mfuko huu unaupenda?", kila mtu atasema mzuri sana dada, maana Mswahili hakatai zawadi.

Nikatengeneza mfano mwingine. Kitambaa kizito cha pamba, kile cha rangi ya asili kama marekani lakini kinene zaidi. Vipande kumi vilisoma gramu 22, yaani 220 kwa mita ya mraba. Katikati nikaweka mchoro wa korosho kama wa pindo la kanga, rangi moja. Jina la biashara likashuka pembeni chini, dogo, urefu wa kidole gumba. Namba ya simu nikaihamishia kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani, anayeihitaji ataiona. Nikarudi kwa wateja wengine kumi: mfuko huu au punguzo la 5,000? Saba walichukua mfuko.

Oda ilikuwa mifuko 60. Fundi 4,500 kila mmoja, sawa na 270,000, skrini moja 30,000, usafiri 10,000. Jumla 310,000. Miwili ilikuwa na kasoro, akanibadilishia kwa sababu tuliandikiana mapema kwamba kisicholingana na mfano kinarudi, na mfano mmoja nilibaki nao mimi. Bei halisi ikawa shilingi 5,167 kwa mfuko.

Ni karibu mara nne ya ule wa kwanza, najua. Ila tazama hesabu hii. Mwezi mmoja baada ya kugawa, nilikuwa nauliza wateja ishirini, "Ule mfuko bado upo?" Kwa mfuko wa kwanza, watano tu walikuwa bado wanautumia. Wengine umekatika, mmoja alisema umefungia viatu vya zamani juu ya kabati. Kwa hiyo ili nipate mfuko mmoja unaotembea mtaani nilitoa mifuko minne, 1,371 mara nne, shilingi 5,484. Kwa mfuko wa pamba walikuwa kumi na sita kati ya ishirini. 5,167 gawa kwa 0.8 ni 6,459. Tofauti iliyobaki haifiki elfu moja, na huu wa pamba unafuliwa na unaendelea. Sisemi wa pamba ni rahisi. Bado ni ghali zaidi, ila si mara nne tena.

Kwa kuwa ni ghali, haupewi kila mtu. Dera moja linaniachia faida ya kama 7,000. Nikitoa mfuko wa 5,167 hapo nimefanya kazi ya bure na boda ndiye amepata. Nautoa kwa oda inayoniachia 18,000 kwenda juu, au kwa mteja anayerudi mara ya tatu. Na siutangazi kabla, nauweka tu ndani ya mzigo. Niliwahi kuutangaza, watu wakaanza kudai mfuko kwenye mtandio mmoja.

Kitu kimoja kilinikamata hata kwenye pamba: kitambaa kisichotanguliwa kufuliwa kinaruka. Mteja alifua mfuko kwa maji ya moto, ukapungua mpaka mchoro ukajikunja. Sasa mfano wangu naufua mara mbili na kuupiga pasi kwa upande wa ndani kabla sijasema "endelea". Ukipungua zaidi ya sentimita 2 kwenye urefu wa 40, namwambia fundi aloweke kitambaa kabla ya kukata. Anaongeza 200 kwa mfuko, nalipa.

Wenye mtaji wa chini ya laki moja mmekuwa mkiniuliza mfanyeje. Mifuko acheni kwanza, skrini itawamaliza. Chongesheni muhuri wa jina, mpige kwa mkono kwenye bahasha ya kaki mnayofungia mzigo. Muhuri unalipia mara moja, na bahasha ungeinunua tu.