SOMO LA UHASIBU: Mkopo wa Dola Unapofunga Mwaka

Baadhi ya parokia zetu zimejenga zahanati au kuchimba visima kwa mikopo ya dola. Fedha huingia benki kama shilingi, lakini deni hubaki dola. Kila tarehe 31 Desemba ni lazima deni hilo lihesabiwe upya.

Tuchukue mfano wa parokia nchini Kenya. Mwaka 2023 ilianza ikidaiwa dola 10,000. Dola moja ilikuwa takriban shilingi 123, hivyo leja ilionyesha mkopo wa shilingi 1,230,000. Mwezi Juni walilipa dola 2,000 kwa shilingi 140 kila moja, yaani shilingi 280,000, na mhasibu akapunguza mkopo kwa kiasi hicho. Leja ikabaki na shilingi 950,000.

Je, hilo ndilo deni halisi? La. Zimebaki dola 8,000, na mwisho wa mwaka 2023 Benki Kuu ya Kenya ilionyesha dola moja kwa takriban shilingi 156. Deni ni shilingi 1,248,000. Wamelipa, na bado deni kwa shilingi limezidi la mwanzo! Tofauti ya shilingi 298,000 ni hasara ya kubadilisha fedha, nayo huandikwa kwa hati ya jonali:

Debiti: Hasara ya kubadilisha fedha 298,000
Krediti: Mkopo wa dola 298,000

Akaunti ya benki haiguswi, kwa sababu hakuna hundi iliyotoka. Hapa ndipo wanakamati wengi hushtuka, wakidhani fedha zimepotea. Mwonyesheni mweka hazina sehemu mbili: shilingi 34,000 zilikwisha kulipwa kweli mwezi Juni (dola 2,000 mara shilingi 17 zilizoongezeka), na shilingi 264,000 ni ongezeko la deni ambalo bado halijalipwa. Ambatanisheni na jonali karatasi ya viwango vya siku ya mwisho ya kazi. Mwaka ule ilikuwa Ijumaa, tarehe 29.

Jengo lenyewe halipandishwi thamani kwa sababu ya dola. Hubaki kwa gharama yake ya shilingi. Wala hasara hii isipelekwe kwenye bajeti ya mfadhili kimyakimya. Wafadhili wengi hawaikubali isipokuwa mkataba umetaja, na mkaguzi ataiona mara moja kwa kuwa haina risiti. Iwekwe kwenye mfuko mkuu wa parokia, na maelezo yaandikwe chini ya hesabu.

Mwisho wa mwaka 2024 dola ilishuka hadi takriban shilingi 129. Kama hawakulipa kitu mwaka huo, dola zile 8,000 zilipungua kwa shilingi 216,000. Hiyo ni faida ya mwaka 2024, huandikwa kwa jonali ya kinyume. Hesabu za mwaka 2023 hazifunguliwi tena, maana zilikuwa sahihi siku zilipofungwa.